Tusi Lililojificha Ndani ya Namba: Ajenti wa Kituo cha Simu Aandike Vipi Kilichompata

Kwa miaka minne nilikaa kwenye chumba cha ubora cha kituo kimoja cha simu. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza simu zilizorekodiwa na kuzipa alama, na mara chache niliitwa kwenye vikao vya malalamiko kupeleka takwimu. Kikao kimoja sijakisahau. Ajenti alikuwa ameandika sentensi moja tu: "Kiongozi wangu wa timu ananitukana kila siku kwa sababu ya malengo." Ilikuwa kweli. Meza yangu ilikuwa karibu, na masikio yangu yalisikia. Lakini kiongozi wake alikuja na jedwali la wiki sita likionyesha jinsi ajenti yule alivyokuwa akizidisha muda wa kila simu. Kikao hakikufika nusu saa. Hakuna aliyemwita dada yule mwongo. Walisema tu kwamba hakuna kitu cha kuchunguza. Mimi sikuulizwa nilichosikia, na sikujitolea kusema. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndilo lililonifanya nianze kuwasaidia maajenti kuandika kumbukumbu zao.

Kilichomwangusha dada yule ni kwamba mbele ya kikao kulikuwa na mambo mawili, naye alileta moja. Matusi ya kituo cha simu karibu kila mara huja yamefungwa pamoja na namba. Ukiandika maneno peke yake, mwenzako ataleta namba, na mazungumzo yote yatahamia kwenye utendaji wako. Kwa hiyo tuanze na namba yenyewe.

Namba inayozaa hasira

Lengo linaloongoza kwa kuleta kelele ni wastani wa muda wa kuhudumia simu moja, ambao kwenye skrini huandikwa AHT. Unapatikana kwa kujumlisha vitu vitatu: muda wa kuongea na mteja, muda aliosubirishwa kwenye laini, na muda wa kumalizia kazi baada ya simu kukatika, yaani kuandika maelezo na kufunga ombi lake. Jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya simu.

Kiongozi wa timu naye ana lengo lake, na lengo hilo ni wastani wa timu nzima. Tuseme ana maajenti kumi wanaopokea simu sawasawa, na lengo ni sekunde 300. Tisa wako kwenye 300 kamili na mmoja yuko kwenye 390. Wastani wa timu unakuwa 309, na kiongozi amekosa lengo. Anamwona mtu huyo mmoja kwenye skrini yake muda wote, jina likiwaka rangi nyekundu, na meneja wake anamwona yeye vilevile. Hapo ndipo shinikizo linaposhuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye kichwa chenye hedifoni.

Kueleza chanzo cha hasira si kuihalalisha. Kiongozi ana haki ya kusema, hata kwa ukali, "AHT yako ni 372, lengo ni 300, nataka nijue kwa nini." Sentensi hiyo inahusu kazi na inaweza kujibiwa. "Kichwa maji wewe, sijui nani alikuajiri" haihusu kazi, na haina jibu. Kipimo ninachotumia ni rahisi: toa namba kwenye sentensi, kisha tazama kilichobaki. Kikibaki kitu kinachomshusha mtu, akili yake, mwili wake, kabila lake, uzazi wake au ukoo wake, hilo si agizo la kazi. Kuna pia matusi yasiyo na neno chafu, kama kumsimamisha ajenti mbele ya wenzake asome namba yake kwa sauti, au kumnyima ruhusa ya kwenda msalani mpaka wastani ushuke. Hayo nayo yaandikwe.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini mwaka 2019, na ulianza kutumika mwaka 2021. Mambo mawili ndani yake yanamgusa ajenti moja kwa moja. La kwanza, tendo linaweza kuhesabiwa hata kama limetokea mara moja, na madhara yanayozingatiwa ni pamoja na yale ya kisaikolojia. La pili, mawasiliano ya kazi kupitia teknolojia yametajwa wazi, kwa hiyo tusi la kwenye kundi la WhatsApp la timu haliko nje ya kazi. Mkataba huu hufunga nchi zilizouridhia. Kwingine, shika sheria ya kazi ya nchi, mkataba wako wa ajira na kanuni za maadili za kampuni. Kanuni hizo ziombe mapema kabla hujazihitaji, kwa sababu kuziomba siku ya ugomvi huamsha maswali.

Tusi linaacha alama wapi

Kwenye kikao kifupi cha kuanza zamu, tusi huacha alama kwenye vichwa vya watu tu. Kwenye kundi la ujumbe huacha maandishi. Sehemu ya tatu watu wengi huisahau, nayo ni ndani ya hedifoni.

Mifumo mingi ya vituo vya simu humruhusu kiongozi kusikiliza simu inayoendelea, na pia kumnong'oneza ajenti bila mteja kusikia. Njia hiyo imewekwa ili mgeni asaidiwe akikwama. Lakini nimewahi kukutana na ajenti aliyeambiwa "maliza, mbumbumbu wewe" huku mteja akiendelea kueleza shida yake. Ajenti ananyamaza sekunde nne, anapoteza mpangilio wa maneno, mteja anauliza, "Upo?" Iwapo mnong'ono wenyewe umerekodiwa inategemea mfumo ulivyopangwa, baadhi huhifadhi sauti hiyo na baadhi haihifadhi. Hata usipohifadhiwa, ule ukimya na lile swali la mteja vimo kwenye rekodi, na mara nyingi mfumo huweka alama ya nani aliingia kwenye simu ile na saa ngapi. Huo ni ushahidi unaolingana na maelezo yako, ilimradi uwe umeandika ni simu gani.

Rekodi za simu hazikai milele. Kila kituo kina muda wake wa kuzihifadhi, kisha zinafutwa zenyewe. Ndiyo maana ombi la kwanza kabisa, hata kabla ya malalamiko kamili, liwe barua pepe fupi ya kuomba rekodi ya simu fulani isifutwe.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Mfano huu nimeuunda kutokana na mambo niliyoyaona tena na tena. Dada mmoja anahudumia wateja wa huduma za malipo. Kwa miezi mingi AHT yake imekuwa karibu na 298. Ndani ya wiki tatu imepanda hadi 372. Asubuhi moja kiongozi wake anasimama nyuma ya kiti chake na kusema kwa sauti: "Sekunde 372! Wewe ni mzigo. Hata mwanangu wa darasa la pili angemaliza simu upesi kuliko wewe, kichwa maji." Wenzake wawili wanageuka.

Akipata mapumziko ya kwanza, anatoa daftari lake binafsi na kuandika hivi:

"Jumanne tarehe 14. Saa ya skrini 10:22. Nilikuwa nimetoka kufunga simu, hali yangu kwenye mfumo ilikuwa kazi baada ya simu. Kiongozi wa timu alisimama nyuma ya kiti changu. Alisema: 'Sekunde 372! Wewe ni mzigo. Hata mwanangu wa darasa la pili angemaliza simu upesi kuliko wewe, kichwa maji.' Sauti ilikuwa ya juu. Meza ya kulia na meza ya mbele waligeuka kutazama. Sikujibu. Simu iliyofuata iliingia 10:24, nilishindwa kutaja jina la huduma, nikamwomba mteja radhi. Nimeandika saa 10:45, mapumziko."

Kwanza, saa. Sisi tunasema saa nne na dakika ishirini na mbili asubuhi, lakini mfumo unasema 10:22. Nimeona malalamiko yaliyoandikwa "saa 4:20" yakasomwa na ofisi ya rasilimali watu kama saa kumi jioni, muda ambao kiongozi alikuwa ameshaondoka. Hapohapo ikaandikwa kwamba mlalamikaji anajichanganya. Andika saa kama skrini inavyoionyesha, na useme kwamba ni saa ya skrini. Kama kituo kinahudumia wateja wa nchi nyingine, hakikisha pia skrini inafuata saa za wapi. Wa zamu ya usiku wana mtego wao. Tukio la "Jumatano usiku, saa nane" kwa mfumo limetokea Alhamisi, 02:00. Tarehe ikikosewa, mchunguzi atafungua rekodi za siku ambayo hukuwa kazini.

Pili, maneno yenyewe. Dada hakuandika "alinidhalilisha" wala "alitumia lugha isiyofaa." Aliandika kilichosemwa, kwa lugha kilichosemwa. Fomu za ofisi nyingi ni za Kiingereza, na mtu hushawishika kulitafsiri tusi. Usitafsiri. "Kichwa maji" ikishageuzwa kuwa neno laini la Kiingereza, mtu aliyeko makao makuu anasoma kitu chepesi. Liache kama lilivyo, na chini yake ueleze maana yake na uzito wake. Usipokumbuka neno kwa neno, andika unachokumbuka kwa hakika na useme kwamba kilichobaki hukukishika.

Tatu, hali yake kwenye mfumo. Mfumo unajua ajenti alikuwa kwenye hali gani kila sekunde. Dada akisema 10:22 alikuwa kwenye kazi baada ya simu, na ripoti ikionyesha hivyohivyo, maelezo yake yameshika mguu wa kwanza nje ya kichwa chake.

Mwisho, muda wa kuandika. Kumbukumbu iliyoandikwa dakika 23 baada ya tukio ina uzito ambao iliyoandikwa mwisho wa mwezi haina. Ukisahau siku tatu kisha ukakumbuka, andika, lakini weka tarehe ya siku unayoandika. Madaftari ya kujaza nyuma hujulikana haraka: kalamu ileile, mwandiko uleule uliotulia, kurasa zisizochoka. Ukishakamatwa na moja la hivyo, hata yale ya kweli yanatiliwa shaka.

Kuandika namba kabla hawajaileta wao

Jioni hiyohiyo dada anafungua ripoti yake mwenyewe, ile anayoruhusiwa kuiona, na kuitazama AHT ikiwa imegawanywa. Wiki tatu nyuma ilikuwa 205 za kuongea, 31 za kumsubirisha mteja na 62 za kumalizia, jumla 298. Sasa ni 210, 96 na 66, jumla 372. Katika sekunde 74 zilizoongezeka, 65 ziko kwenye kumsubirisha mteja. Hakuzidi kuongea, wala hakuzidi uvivu wa kuandika maelezo. Alikuwa anasubiri ukurasa wa malipo ufunguke, na tatizo hilo timu ilisharipoti kwa watu wa mitambo, ripoti ina namba na tarehe. Naye anaziandika zote mbili kwenye daftari.

Hapa ndipo malalamiko yanapobadilika sura. Kiongozi akileta jedwali la 372, dada analo jibu linaloweza kukaguliwa. Na kama namba zake zingekuwa mbaya kweli, bila sababu ya mfumo, bado angeziandika bila kuficha: "AHT yangu ilikuwa juu ya lengo, nilikubali kufundishwa, lakini maneno haya hayakuwa mafundisho." Kukiri namba hakuhalalishi tusi, na humfanya msomaji aamini sehemu iliyobaki.

Kesho yake anamwandikia kiongozi barua pepe:

"Habari za kazi, kaka. Kuhusu mazungumzo ya jana 10:22 mezani kwangu: ulinitaka nishushe AHT kutoka 372. Nimeangalia, ongezeko kubwa liko kwenye muda wa kumsubirisha mteja, kutokana na ukurasa wa malipo ulioripotiwa. Naomba tupange muda wa kulitazama pamoja. Pia naomba maoni kuhusu kazi yangu niyapate bila maneno 'mzigo' na 'kichwa maji' mbele ya wenzangu. Asante."

Barua hii haitishi wala haitumii neno unyanyasaji. Inamwachia heshima yake. Lakini imetaja saa, namba na maneno, na sasa iko kwenye seva ya kampuni ikiwa na tarehe. Akijibu kwa kukanusha, tumejua msimamo wake mapema. Akijibu "ulistahili," amekiri. Akinyamaza, ukimya wake nao una tarehe. Kama unaona kumwandikia mwenyewe kutakuweka hatarini, barua iende kwa meneja wake au ofisi ya rasilimali watu.

Mahali pengine pa kuweka maneno yako ni fomu ya mafundisho, ile unayoitwa kusaini baada ya kuambiwa umeshindwa. Wengi husaini upesi ili waondoke chumbani. Saini yako tupu husomwa kama kukubali kila kilichoandikwa juu yake. Andika juu ya saini: "Nimesoma. Sikubaliani na kipengele cha pili, sababu ni ukurasa wa malipo," kisha tarehe. Kama fomu iko kwenye mfumo, tumia nafasi ya maoni kabla ya kubonyeza.

Yanayomgeuza mlalamikaji kuwa mtuhumiwa

Hatari kubwa haitoki kwenye tusi, inatoka kwenye taarifa za mteja. Ajenti anapiga picha ya skrini kuonyesha ujumbe wa kiongozi, na nyuma yake kuna jina la mteja, namba yake na salio. Picha hiyo ikitoka nje ya kampuni, wewe ndiye uliyevunja kanuni, na unaweza kufukuzwa kwa kosa ambalo halihusiani kabisa na ulichokilalamikia. Vituo vingi pia vinakataza simu ya mkononi kwenye sakafu ya kazi kwa sababu hiyohiyo. Daftari la dada halina jina la mteja hata mmoja. Simu anaitaja kwa tarehe, saa na namba ya utambulisho ambayo mfumo huipa kila simu, na faili lenyewe anaiachia kampuni ilitafute. Vivyo hivyo usijitumie rekodi wala ripoti za ndani kwenye barua pepe yako ya nyumbani.

Kurekodi sauti kwa siri kunavutia, na najua kwa nini. Lakini kuna nchi zinazoruhusu mshiriki wa mazungumzo kurekodi, na kuna zinazotaka kila anayerekodiwa akubali, na mkataba wa ajira unaweza kukataza hata pale sheria inaporuhusu. Pata neno la mwanasheria au chama cha wafanyakazi kwanza. Nimeona malalamiko mazuri yakishinda bila sauti yoyote.

Ujumbe wa kundini uhifadhi mapema, kabla haujafutwa. Piga picha inayoonyesha jina la kundi, jina la aliyetuma, tarehe, na ujumbe uliotangulia na uliofuata. Picha iliyokatwa ikabaki sentensi moja huleta swali la nini kilisemwa kabla yake. Kama ulijibu kwa hasira, jibu lako nalo liache lionekane; mwenzako analo pia, na ataleta.

Kuhusu mashahidi, usiwalazimishe waandike. Nao wana malengo na kiongozi yuleyule. Inatosha kuandika nani alikuwa meza gani. Ratiba ya zamu itathibitisha kuwa alikuwepo, na kumuuliza ni kazi ya mchunguzi. Anayejitolea mwenyewe, aandike kwa mkono wake alichosikia yeye, si alichosimuliwa na wewe. Maelezo matatu yenye sentensi zinazofanana huonekana yamepangwa.

Kukabidhi, na siku zinazofuata

Baada ya wiki tatu dada ana matukio matano. Hapeleki daftari zima. Anaandika ukurasa mmoja wenye matukio kwa mpangilio wa tarehe, kila moja mistari miwili au mitatu, kisha anasema anachoomba: rekodi za simu mbili zilizotajwa zisifutwe, waliokuwa meza ya kulia na ya mbele wahojiwe, na ahamishiwe timu nyingine uchunguzi ukiendelea, bila kupoteza zamu wala bonasi. Hili la kusema unachoomba watu huliacha. Malalamiko yasiyo na ombi huishia kwenye "tumezungumza na pande zote mbili." Anatuma kwa barua pepe, na anapoambiwa kwa mdomo kwamba imepokelewa, anajibu akiomba wathibitishe kwa maandishi.

Daftari halifungwi hapo. Mkataba namba 190 unataka mlalamikaji na mashahidi walindwe dhidi ya kulipiziwa, na kulipiziwa kwenye kituo cha simu mara nyingi huvaa nguo za namba. Mimi niliyekaa chumba cha ubora nilijua jinsi inavyofanyika. Simu za kupewa alama zinapaswa kuchaguliwa bila upendeleo, lakini mtu anaweza kuchagua zile ndefu na ngumu tu. Alama za ajenti zinaporomoka bila yeye kubadilisha chochote. Unaweza kuligundua kwa kuweka alama za miezi mitatu kabla ya malalamiko kando ya zile za baada yake, na kuangalia ni simu ngapi zilikaguliwa na zilikuwa za muda gani. Kama zamani zilikaguliwa simu za dakika tatu hadi sita na sasa zote ni za dakika kumi na zaidi, uliza kwa maandishi zinachaguliwaje. Ratiba nayo itazame, na likizo zilizokataliwa, na bonasi.

Dada aliendelea kuandika. Siku mbili baada ya kukabidhi ukurasa wake, aliongeza mistari hii: "Alhamisi tarehe 6. Saa ya skrini 08:05. Ratiba mpya imetoka. Nimewekwa zamu ya usiku wiki nne mfululizo. Kabla ya hapo nilikuwa na usiku wiki moja kwa mwezi. Wengine kwenye timu hawajabadilishiwa. Nimeuliza sababu kwa barua pepe 08:30. Nasubiri jibu."